Samaki Kumi Wenye Uzito wa Mmoja: Nasaba na Idadi katika Kuchagua Maeneo ya Kuhifadhi

(Hotuba hii niliitoa Mwanza mbele ya maofisa uvuvi, viongozi wa vikundi vya usimamizi wa mialo, yaani BMU, na wanafunzi wa ikolojia. Wasiofika wameomba niiweke yote. Picha za ukutani nimeziacha, namba zake nimezieleza kwa maneno.)

Waheshimiwa viongozi, wazee wetu wa mialo, mama zangu mnaochakata samaki, ndugu zangu maofisa, na ninyi wanafunzi mliokosa viti huko nyuma: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Mwenyekiti amenionya kwamba chakula kiko tayari jikoni, kwa hiyo sitazunguka. Nina swali moja. Tuna fedha za kulinda maeneo mawili ya Ziwa Victoria, na maeneo manne yanazigombea. Mtachagua yapi?

Najua tunavyofanya. Tunatuma timu, inatega nyavu, inarudi na orodha. Tunahesabu spishi. Eneo lenye spishi nyingi linakaa juu ya jedwali, lenye chache linakaa chini, na fedha zinafuata mpangilio huo. Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo, na katika kimoja mdomo wa mto wenye mafunjo uliwekwa mkiani bila mtu kuuliza swali hata moja, kwa sababu orodha yake ilikuwa fupi. Ilikuwa fupi kweli. Lakini ndani yake alikuwemo kamongo.

Wazee, ninyi kamongo mnamjua kuliko mimi. Ana mapafu. Hupanda juu kuvuta hewa, na usipompa nafasi ya kupanda hufa maji. Dume hulinda kiota chake ndani ya mafunjo. Huko Buganda kuna ukoo mzima ambao mwiko wao ni samaki huyu. Sasa swali la kitaalamu: kamongo na furu, ni ndugu wa karibu kiasi gani? Wote wako majini, wote wana magamba, wote tunawaita samaki. Lakini nasaba zao ziliachana yapata miaka milioni 430 iliyopita. Kwa nasaba, kamongo yuko karibu zaidi na mimi na wewe, na kuku, na chura, kuliko alivyo karibu na furu au sato.

Na furu je? Ziwa letu limezaa furu wa spishi kama 500. Utafiti wa matope ya sakafu ya ziwa unaonyesha kwamba ziwa lilikauka, au karibu likauke, kisha likajaa tena kama miaka 15,000 iliyopita. Kwa hiyo sehemu kubwa ya furu hao walitengana ndani ya muda huo. Miaka milioni 430 upande mmoja, elfu kumi na tano upande mwingine. Lakini kwenye jedwali letu kamongo ni spishi moja, na kila furu ni spishi moja. Hesabu ya spishi haioni tofauti hiyo. Haioni kabisa!

Mwaka 1992 Dan Faith, mtafiti wa Australia, alipendekeza kipimo ambacho leo nitakiita anuwai ya nasaba. Wazo lake ni jepesi. Unachukua mti wa nasaba, ule unaochorwa kwa kulinganisha DNA na kupewa tarehe kwa msaada wa visukuku. Unatia alama spishi zilizopo kwenye eneo lako. Kisha unajumlisha urefu wa matawi yote yanayoziunganisha spishi hizo hadi kwenye shina. Kila tawi linahesabiwa mara moja tu, hata kama spishi ishirini zinalitumia.

Hapo kwenye "mara moja tu" ndipo watu wanapopotea, kwa hiyo fikirieni barabara. Mtu wa Tabora na mtu wa Singida wakitoka hapa Mwanza, wote wanapita Shinyanga hadi Nzega, halafu wanaachana. Ukiulizwa wametumia kilomita ngapi za lami kwa jumla, hutahesabu kipande cha Mwanza hadi Nzega mara mbili. Unakihesabu mara moja, unaongeza cha Tabora, unaongeza cha Singida. Basi, hiyo ndiyo hesabu yote.

Sasa tuifanye kwa maeneo yetu manne. Orodha nimezitunga kwa ajili ya mfano, na tarehe za matawi nimezikata ziwe za mviringo, maana wataalamu wa visukuku bado wanabishana juu ya milioni kumi hapa na ishirini pale.

Eneo la kwanza ni kisiwa cha miamba chenye furu kumi. La pili ni mdomo wa mto wenye mafunjo: kamongo, kambale na furu mmoja. La tatu ni ghuba ya matope: kambale, gogogo na furu yuleyule. La nne ni kinamasi kilichojitenga: kamongo na kambale, basi. Tuseme huyo furu wa eneo la pili na la tatu yupo pia kwenye miamba.

Kwa kuhesabu spishi, miamba inapata kumi, mto tatu, ghuba tatu, kinamasi mbili. Mshindi hana mpinzani.

Kwa nasaba tunaanzia kwenye shina, pale kamongo alipoachana na samaki wengine wote hawa, miaka milioni 430. Miamba: furu wote kumi wanatembea pamoja kwenye tawi moja refu la milioni 430, na mwishoni kabisa wanaachana kwa elfu kumi na tano tu kila mmoja. Jumla ni milioni 430 na ushee, na huo ushee ni miaka 135,000. Furu kumi wana uzito wa furu mmoja! Mto: kamongo analeta 430 zake, furu anazo 430 zake, na kambale, aliyeachana na njia ya furu kama milioni 230 iliyopita, anaongeza 230. Jumla 1,090. Ghuba: furu 430, kambale 230, na gogogo, ambaye ni wa kundi moja na kambale na tunampa 90, jumla 750. Kinamasi: kamongo 430 na kambale 430, jumla 860.

Mpangilio umepinduka. Mto wa kwanza, kinamasi cha pili, ghuba ya tatu, miamba ya mwisho. Basi tuchukue mto na kinamasi, twende tukale?

Naona mwanafunzi mmoja anatikisa kichwa. Uko sahihi. Mto tumeshauchukua, na ndani yake wamo kamongo na kambale. Kinamasi kitatuongezea nini? Sifuri. Matawi yake yote tayari tunayo. Ghuba, iliyokuwa ya tatu, inatuongezea gogogo, yaani milioni 90. Miamba inatuongezea miaka 135,000. Kwa hiyo chaguo la pili ni ghuba, wala si kinamasi. Ndugu zangu maofisa, jumla ya eneo lenyewe haitoshi. Kila mkishachagua eneo moja, futeni jedwali, mhesabu upya kila lililobaki linaongeza nini juu ya mlichonacho. Nimeona ripoti nzuri, zenye ramani za rangi, zilizopanga maeneo kwa jumla tupu. Zinaishia kulinda tawi lilelile mara mbili na kuliacha lingine nje.

Sasa mtaniuliza: hiyo ni orodha ya kutunga, je, mambo haya hutokea kwenye mazingira halisi? Twende Afrika Kusini, kwenye mimea ya Rasi.

Ule upande wa kusini-magharibi wa Afrika Kusini una mimea mingi kuliko unavyoweza kutarajia kwa eneo lake. Mwaka 2007 timu iliyoongozwa na Félix Forest ilitoa utafiti uliotumia jeni moja ya kloroplasti kuchora mti wa jenasi 735 za mimea ya huko, jenasi ikiwa ni kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu. Waligawa eneo kwa miraba, wakahesabu jenasi katika kila mraba, wakapima na anuwai ya nasaba.

Walipata nini? Kwanza, na hili ni muhimu msije mkaondoka hapa mnadhani nimewapa dawa ya kila ugonjwa: vipimo viwili hivi hupanda pamoja. Eneo lenye jenasi nyingi kwa kawaida lina nasaba pana, kwa sababu ya wazi kwamba kila kiumbe unachoongeza kinakuja na kipande chake cha tawi. Kwa maeneo mengi duniani, orodha zenu mbili zitafanana sana. Anayewaambia vinginevyo hajafanya hesabu.

Utamu uko kwenye masalio. Unachora mstari unaoonyesha nasaba unayoitarajia kwa idadi fulani ya jenasi, kisha unaangalia mraba gani uko juu ya mstari na upi uko chini. Upande wa magharibi wa Rasi, ulio na jenasi nyingi zaidi, ulikuwa chini ya mstari. Upande wa mashariki, wenye jenasi chache, ulikuwa juu. Kwa nini? Magharibi, kwenye mvua za kipupwe, makundi machache ya mimea yaligawanyika upesi yakazaa ndugu wengi wa karibu. Mashariki inapakana na mazingira ya aina nyingine, nyasi na vichaka vya ukanda wa joto, kwa hiyo mimea yake imeingia kutoka koo zilizo mbalimbali. Huko mti una matawi machache, lakini yametoka mbali.

Walikwenda hatua moja zaidi. Waliangalia mimea yenye matumizi kwa watu: chakula, dawa na kadhalika. Wakakuta kwamba mimea ya matumizi ya namna moja huelekea kukaa pamoja kwenye mti, na mimea ya dawa si lazima iwe kwenye tawi lilelile lenye mimea ya chakula. Maana yake, kama hujui kesho utahitaji nini, na nani anajua, kulinda matawi mengi yaliyo mbalimbali kunakuachia nafasi kubwa zaidi ya kukipata. Hoja hiyo naikubali, ila kwa tahadhari. Mwaka 2018 watafiti wengine walijaribu jambo la karibu na hilo kwa samaki wa matumbawe, ndege na mamalia: je, ukichagua spishi kwa nasaba, unapata pia utofauti wa maumbo na kazi zao? Kwa wastani ndiyo, asilimia 18 zaidi ya kuchagua kwa kubahatisha. Lakini katika zaidi ya theluthi moja ya majaribio, kubahatisha kulishinda.

Kubahatisha kunashindaje? Hilo Mwanza tunaweza kulijibu bila kitabu. Tulichonacho ni furu.

Tazameni tena lile jedwali langu. Furu kumi wana uzito wa mmoja. Lakini nani kati yenu, wazee, ataniambia furu kumi ni samaki mmoja? Kuna wanaokwangua mwani kwenye mawe. Kuna wanaovunja konokono kwa taya za kooni. Kuna wanaokula wadudu, wanaokula matope, wanaokula watoto wa furu wenzao. Kwenye visiwa vya miamba vya ghuba yetu wapo wawili ambao ni ndugu wa karibu sana. Dume mmoja ana wekundu mgongoni na hukaa kina kirefu zaidi, na jina lake la kisayansi limebeba jina la Mwalimu Nyerere. Mwenzake ni wa buluu, hukaa juu karibu na uso wa maji. Majike huchagua dume kwa rangi. Maji yakiwa maangavu, kila jike humwona wa kwake na spishi mbili husimama. Maji yakichafuka, mwanga unabadilika, rangi hazionekani, wanazaliana hovyo na mpaka kati yao unafutika. Hili limeonyeshwa hapahapa kwetu na timu ya Ole Seehausen, na tafiti zake za kwanza zilichapishwa mwaka 1997.

Mti wa nasaba utasema nini siku hao wawili watakapokuwa mmoja? Utasema hakuna kilichotokea. Umepoteza miaka elfu chache kati ya mamilioni.

Na lipo kubwa kuliko hilo. Sangara aliletwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na katika miaka ya 1980 akalipuka. Watafiti waliokuwa wakifuatilia furu katika Ghuba ya Mwanza waliona samaki wakipungua wavuni hadi baadhi hawaonekani tena. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 1992 yalisema yapata spishi 200 za furu zilikuwa zimetoweka au ziko ukingoni. Baadhi zimeonekana tena baadaye, si zote. Mia mbili! Sasa chukueni kipimo cha nasaba, mpime ziwa kabla na baada. Tofauti haitazidi miaka milioni chache kwenye mti wa mamia ya mamilioni. Na kuna baya zaidi: ukiacha orodha ilivyo, baada ya maafa hayo anuwai ya nasaba itakuwa imepanda, kwa sababu sangara mwenyewe ameingia na tawi lake refu. Muuaji ameongeza alama za eneo! Kwa hiyo kabla ya hesabu yoyote, wageni wanaondolewa kwenye orodha. Sangara nje. Sato, ambaye naye aliletwa, nje. Msinikasirikie, sijasema watoke kwenye masufuria.

Ndiyo maana mada yangu inasema nasaba iwe pamoja na idadi, si badala yake. Idadi haioni umri wa matawi. Nasaba haioni mlipuko wa juzi. Mkiona eneo lina spishi nyingi na nasaba iliyo chini ya mstari, msiandike kwamba eneo ni dhaifu. Andikeni kwamba pengine hapa spishi zinazaliwa, mwende mkaangalie. Na mkiona eneo lina spishi chache na nasaba iliyo juu ya mstari, msilipitishe kwa shangwe kabla ya kuangalia orodha jina kwa jina.

Kwa nini jina kwa jina? Kwa sababu kosa moja la orodha lina uzito tofauti. Mtu akimwita furu huyu jina la furu yule, nasaba ya eneo karibu haibadiliki. Lakini akiandika kamongo mahali ambapo hakuna kamongo, kwa kuwa alisikia tu mwaloni, ametia miaka milioni 430 kwa kalamu. Njia ya kujua kama jedwali lenu limesimama juu ya samaki mmoja ni rahisi: toeni spishi moja, hesabuni upya, rudisheni, toeni nyingine. Kama eneo linaporomoka kwa kutolewa spishi moja, rudini mkahakikishe kwamba spishi hiyo ipo kweli, inazaliana hapo, wala si mpita njia aliyesukumwa na mafuriko.

Na orodha hutegemea zana. Kokoro halipiti kwenye miamba. Wavu wa kutega haumpati kamongo kama ndoano zinavyompata. Eneo mlilolivua kwa zana mbili litaonekana pana kuliko mlilolivua kwa moja, na hapo mtakuwa mmepima juhudi zenu wenyewe.

Mzee mmoja wa mwaloni amenidokeza wakati wa chai, na hoja yake ni nzito kuliko nyingi nilizosikia kwenye makongamano. Amesema: "Mwanangu, kamongo yupo Tanganyika, yupo Uganda, yupo hadi kwenye Nile. Furu wa jiwe hili hayupo popote pengine. Kwa nini kamongo wangu apewe milioni 430 zote?"

Mzee, hazistahili zote. Nilimpa 430 kwa sababu mti wangu ulikuwa na samaki wachache wa mfano tu. Ukichora mti wa dunia, tawi hilo refu linagawanywa na kamongo wote: Afrika ina spishi nne, Amerika ya Kusini moja, Australia moja. Kipande kilicho cha kamongo wetu peke yake ni kifupi zaidi, na hata hicho kinapatikana katika maziwa mengine. Ipo hesabu inayofanya ulichosema: kila tawi linagawanywa kwa idadi ya maeneo linamopatikana. Tawi la milioni 90 lililo katika maeneo tisini linalipa kila eneo milioni moja. Tawi la elfu kumi na tano lililo kwenye jiwe moja linalibakishia jiwe hilo elfu zake zote kumi na tano. Bado furu hamfikii kamongo, lakini pengo linapungua sana, na mawe mawili yenye furu wa kipekee hayafanani tena.

Kwa hiyo, ndugu maofisa, jedwali la mwaka huu liwe na safu nne. Ya kwanza, idadi ya spishi za asili. Ya pili, nasaba ambayo eneo linaongeza juu ya yaliyokwisha kuchaguliwa. Ya tatu, liko juu au chini ya mstari kwa kiasi gani. Ya nne, nasaba iliyogawanywa kwa maeneo, kama mzee alivyotaka. Maeneo yote manne yavuliwe kwa wavu wa kutega na kwa ndoano, saa zilezile, usiku na mchana, na kila kamongo anayeandikwa apigwe picha kabla hajarudishwa majini. Viongozi wa BMU watatuambia wiki gani mafunjo yanapitika kwa mtumbwi. Maswali mengine tuyapokee mezani, maana jikoni wameshaanza kuniangalia.